Nyekundu ipo juu: shajara ya kujifunza mataa na alama za barabarani bila kutegemea rangi

Siku ya 1

Nimejiandikisha kujifunza udereva. Sijagusa usukani bado, na tayari kitabu cha alama kimenitoa jasho, kwa sababu mimi ni kipofu wa rangi. Watu wakisikia hivyo hudhani naiona dunia kama picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Sivyo. Bluu naiona vizuri sana, njano pia. Kinachonipiga chenga ni ukoo mzima wa nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya chungwa. Kwangu hizo zote ni ndugu wa baba mmoja, na wengine ni mapacha.

Daktari wa macho alinipima kwa vile vibao vya madoa vya Ishihara, vilivyotoka kwa mara ya kwanza 1917. Kati ya vibao vyenye namba zilizofichwa ndani ya madoa nilisoma viwili tu, vingine vyote niliona madoa matupu. Akanieleza kwamba jicho lina aina tatu za chembe za kuonea rangi ziitwazo koni, na zangu zinazoshughulikia mwanga wa upande wa nyekundu hazifanyi kazi. Matokeo yake ni mawili, na ni ya pili ndiyo inayomhusu dereva. Kwanza, nyekundu na kijani zinafanana. Pili, nyekundu inafifia. Taa nyekundu ambayo mwenzangu anaiona inang'aa, mimi naiona kama imebakiza robo ya nguvu yake. Wapo vipofu wa rangi wa aina nyingine, wale wenye hitilafu kwenye koni za kijani, ambao huchanganya nyekundu na kijani vilevile lakini mwangaza wa nyekundu haujawapungukia. Kwa hiyo mbinu zangu nyingine hazitamfaa kila mtu.

Miwani ya rangi inayouzwa mitandaoni niliiulizia. Jibu la daktari lilikuwa fupi: hairudishi koni isiyofanya kazi, inapunguza tu baadhi ya mwanga unaoingia machoni, na kupunguza mwanga usiku barabarani ni kujitafutia balaa. Nikaachana nayo.

Mpango: kukariri mahali pa taa na maumbo ya alama, kufaulu mtihani wa nadharia, na kuandika hapa kila kosa pamoja na sababu yake. Kosa la rangi nitaliandikia R, la umbo U.

Siku ya 3

Mataa kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoua.

Nilidhani kukariri mahali pa taa ni kazi ya dakika moja: juu nyekundu, katikati njano, chini kijani. Kwa mataa yaliyosimama, kweli ni hivyo tu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani, ambao nchi nyingi zinaufuata au zimeuiga, unaagiza nyekundu iwe juu. Hata pale palipo na taa mbili tu, nyekundu na kijani, ya juu ndiyo nyekundu.

Ugumu uko kwenye mataa yaliyolala. Mkataba unasema nyekundu ikae upande ulio kinyume na ule ambao magari hupita. Sentensi hiyo niliisoma mara nne. Ikanikaa nilipochora: panapoendeshwa kushoto, nyekundu iko kulia, panapoendeshwa kulia, nyekundu iko kushoto. Japani wanaendesha kushoto na mataa yao mengi yamelala, basi nyekundu yao iko mwisho wa kulia. Nimejitengenezea kifupi kinachofanya kazi pande zote: nyekundu iko upande wa katikati ya barabara. Kulia na kushoto nitasahau siku nikipanic, lakini katikati ya barabara sitaisahau.

Siku ya 6

Leo nimesimama na dada yangu kando ya makutano kwa nusu saa, kwa miguu, bila gari. Zoezi: mimi nataja taa inayowaka, yeye ananisahihisha. Nilimwomba asinisaidie mpaka nimalize kutamka.

Hivi ndivyo mataa yanavyoonekana kwangu. Ya chini, wanayoiita kijani, mimi naiona nyeupe iliyofifia, kama taa ya nguzo ya kisasa. Kijani cha mataa kina ububluu kidogo ndani yake, na kwangu mchanganyiko huo unageuka weupe. Ya katikati ni njano kali, ndiyo inayong'aa kuliko zote. Ya juu ni njano iliyochafuka, nzito, haina makali. Kwa hiyo hata bila rangi nina vitu viwili vya kushikilia: mahali, na ukali wa mwanga.

Mara 22 za mwanzo sikukosea hata moja, nikaanza kujisikia fundi. Jua likazunguka likawa nyuma ya mataa.

"Sasa?" dada akauliza.

"Imezimika. Hakuna inayowaka."

"Wewe! Nyekundu hiyo inawaka muda wote."

Nikasogea hatua mbili, nikaziba jua kwa kiganja. Ndipo nikaiona: doa la rangi ya matope kwenye kioo cha juu, hafifu kiasi kwamba ningeweza kuapa ni taa iliyoungua. Kama ningekuwa kwenye usukani, ningefikiri makutano hayana umeme.

Nimekaa na hilo jioni nzima. Njano na kijani sijawahi kuzikosa, hata juani. Nyekundu ndiyo inayojificha. Basi kanuni yangu inageuzwa kichwa chini: sitatafuta nyekundu. Nitatafuta njano na kijani, na nisipoziona zikiwaka, ni nyekundu mpaka ithibitike vingine. Taa ikiwa imekufa kweli, nitakuwa nimesimama bure kwa sekunde chache na aliye nyuma atapiga honi. Apige.

Siku ya 9

Kadi za alama. Nimechapisha alama 84, kila moja kwenye kadi yake, maana nyuma. Nilizichapisha kwa wino mweusi mtupu kwa makusudi: kama nitaweza kuzisoma zikiwa kijivu, rangi haitanisumbua tena.

Maboksi matatu. Kadi mpya na ninazokosea zinarudiwa kila siku, nikipata mara mbili mfululizo inahamia boksi la kila siku ya tatu, kisha la kila wiki.

Siku ya 13

Wazo la kadi za kijivu lilikuwa bovu, na imenichukua siku nne kulitambua.

Dalili ilikuwa hii: alama za duara zilikataa kutoka boksi la kwanza. Pembetatu zote zilishahama. Pembetatu yenye ncha juu inatahadharisha, yenye ncha chini inakutaka upishe, na hakuna pembetatu ya maana ya tatu. Pembenane ni SIMAMA, peke yake, haina mwenzake; hata ikiwa imechafuka tope unaijua kwa kingo zake, hata ukiwa nyuma yake. Lakini duara ni la wenyewe wawili. Kuna duara linalokataza na duara linaloamuru, na ramani ya maumbo haiwatenganishi hao. Kinachowatenganisha ni kwamba la kukataza kwa kawaida lina ukingo mwekundu na uwanja mweupe, la kuamuru ni la bluu na mchoro mweupe. Kwenye kadi zangu za kijivu, bluu na nyekundu zote zilikuwa giza. Duara la "usiingie", lile lenye ubao mweupe uliolala katikati, lilikuwa limefanana na amri.

Nikajiuliza: mimi bluu naiona vizuri. Mbona nimejinyang'anya? Nilikuwa nimejitengenezea upofu mkubwa kuliko nilio nao. Nimechapisha upya kwa rangi, na duara zikaanza kuhama boksi siku hiyohiyo. Swali langu la kwanza nikiona duara sasa ni moja: kuna bluu au hakuna? Hakuna, basi ni katazo. Kuna bluu na mchoro mweupe, ni amri. Mfano mzuri ni mwendo: 50 nyeusi juu ya nyeupe ni mwisho wa mwendo usiovukwa, 50 nyeupe juu ya bluu ni mwendo wa chini kabisa unaotakiwa. Namba moja, maana mbili zinazopingana, na mimi nazitenganisha bila kuigusa nyekundu.

Kuna alama inayoharibu utaratibu huo. Katazo la kuegesha ni duara la bluu lenye ukingo mwekundu, limekatwa na mstari mmoja mwekundu wa mshazari. Katazo la kusimama kabisa ni lilelile, ila mistari ni miwili iliyopishana. Nyekundu juu ya bluu kwangu ni giza juu ya giza. Kadi nikiishika mkononi naona mistari. Nikiiweka mwisho wa chumba, hatua kama saba, naona sahani ya bluu yenye kivuli. Sina dawa ya umbali huo. Nilichofanya ni kukariri kwamba bluu *bila mchoro mweupe ndani* si amri, ni habari ya kuegesha au kusimama. Mstari ni mmoja au miwili, nitahesabu nikikaribia, na hadi hapo sisimami.

Siku ya 20

Mtihani wa majaribio wa kwanza, maswali 40 kwenye kompyuta. Kufaulu ni 36. Nimepata 31.

Nilikuwa na uhakika picha ndizo zitakazoniangusha. Nilipopanga makosa 9, picha zilikuwa 3 tu. Sita zilizobaki zilikuwa maneno matupu, hazikuwa na picha yoyote! Moja lilikuwa hivi: "Alama za kudumu za tahadhari zina ukingo wa rangi gani?" Mimi najua tahadhari ni pembetatu ncha juu, naijua usingizini. Ukingo wake una rangi gani? Sikuwahi kujifunza. Niliona ukingo mzito, basi.

Hili sikulitegemea. Nilikuwa nimeitupa rangi nje kabisa, nikiona nimeshinda, kumbe mtihani unaongea kwa lugha ya rangi. Anayeona rangi hahitaji kuikariri. Akisoma "ukingo mwekundu" picha inamjia. Mimi nikisoma "ukingo mwekundu" hainijii chochote. Ni kama mtu aliyejifunza kutambua wanyama wote porini bila kuambiwa hata jina moja, halafu anaulizwa majina.

Nimeongeza alama ya tatu kwenye shajara: M, kosa la maneno.

Siku ya 22

Kadi mpya, za maneno bila mchoro hata mmoja. Upande mmoja neno la rangi pamoja na kitu, upande wa pili mahali au umbo, na nasoma kwenda na kurudi. "Taa nyekundu" nyuma yake "ya juu, mwisho wa upande wa katikati ya barabara". "Duara lenye ukingo mwekundu" nyuma yake "katazo". "Uwanja mwekundu, maandishi meupe, pembe nane" nyuma yake "SIMAMA". Nikigeuza, naanza na "pembetatu ncha chini" na kutamka rangi zake: ukingo mwekundu, ndani nyeupe au njano.

Nazikariri kama msamiati wa lugha ya kigeni. Sina haja ya kuona nyekundu ili nijue kwamba SIMAMA ni nyekundu, kama nisivyohitaji kuionja chumvi ya bahari zote.

Rangi za mistari ya barabarani na za vibao vya mwelekeo ndizo zinazochosha. Mistari nyeupe na ya njano naitenganisha mchana, lakini chini ya taa za nguzo zenye mwanga wa manjano zote zinakuwa moja, na hapo naangalia mstari umekatika au haujakatika, uko katikati au pembeni. Vibao vya mwelekeo vya barabara kuu ziendazo kasi huwa vya kijani nchi nyingine na bluu nchi nyingine. Hizo hazina mantiki ya kushikilia. Zinakaririwa kutoka kitabu cha nchi unayofanyia mtihani, basi.

Siku ya 27

Majaribio mengine: 37, 38, 36, 38. M zimeisha. Makosa yaliyobaki ni ya kawaida, umbali wa breki na nani anapita kwanza kwenye kipilefti, mambo ambayo kila mwanafunzi anakosea.

Nimegundua mengi ya mataa yamewekewa umbo tayari, na mtu anayeona rangi hata halioni. Taa za waenda kwa miguu: juu mtu aliyesimama, chini mtu anayetembea. Taa za juu ya njia, zile zinazofunga na kufungua njia moja ya barabara pana: msalaba uliolala mshazari maana yake imefungwa, mshale uelekeao chini maana yake pita. Kivuko cha reli: taa mbili zilizo pembeni kwa pembeni zikiwaka kwa kupokezana. Sihitaji kujua ni nyekundu. Mpokezano wenyewe unatosha.

Siku ya 31

Mtihani wenyewe. Nimeanguka. 35, na kufaulu ni 36.

Nataka kuandika swali lililonichoma kabla sijalisahau. Picha ilikuwa taa moja tu ya duara, imekatwa kutoka kwenye nguzo yake, uwanja mweusi pande zote. Chini yake: "Unakaribia makutano na taa hii inawaka mfululizo. Utafanya nini?" Jibu la kwanza, simama nyuma ya mstari. La pili, simama, isipokuwa kama umekaribia mno kiasi kwamba kusimama ghafla ni hatari. La tatu, endelea kama njia iko wazi.

La tatu nililifuta, kwa kuwa taa haikuwa nyeupe machoni pangu. Nikabaki na nyekundu au njano. Mahali hapakuwepo, picha ilikuwa imelikata. Ukali wa mwanga ndio uliobaki, lakini ukali hupimwa kwa kulinganisha, na hapakuwa na taa ya pili ya kulinganisha nayo. Kwenye makutano najua njano kwa sababu iliyokuwa hapo sekunde moja kabla ilikuwa hafifu zaidi au nyeupe zaidi. Hapa nilikuwa natazama doa moja kwenye kioo cha kompyuta ambacho nikiinamisha kichwa kinabadilika. Nilidhani njano. Karatasi ya matokeo haionyeshi swali, inaonyesha mada tu, na kwenye ishara za taa nimepoteza mawili.

Nyumbani nikamchoresha dada picha ya namna ileile kwenye simu, mara nyekundu, mara njano, bila kuniambia. Katika 20 nilipata 12. Hiyo ni bahati nasibu.

Siku ya 33

Nilikosea jambo moja: fomu ya kujiandikisha ilikuwa na sehemu ya mahitaji maalumu nami niliiacha tupu. Niliogopa kwamba nikiandika upofu wa rangi wataninyima leseni. Nchi nyingi haziwazuii vipofu wa rangi kuendesha gari dogo la binafsi, masharti huwa makali zaidi kwa leseni za kazi, na kwa marubani na madereva wa treni. Nilipaswa kusoma sheria ya mahali ninapofanyia mtihani kabla ya kuogopa. Nimeisoma jana. Naruhusiwa.

Leo nimepeleka barua ofisini pamoja na cheti cha daktari. Kiini chake ni sentensi mbili: "Ninaomba, pale ambapo swali haliwezi kujibiwa bila kujua rangi iliyomo kwenye picha, msimamizi anitajie jina la rangi hiyo. Siombi kuelezwa maana ya alama wala ya taa."

Sentensi ya pili niliifikiria sana. Bila hiyo ombi linasikika kama kuomba majibu.

Afisa mezani aliisoma, akanitazama juu ya miwani. "Sasa kijana, kama huioni nyekundu, barabarani utafanyaje? Nani atakutajia?"

"Samahani mzee, barabarani taa ina nguzo. Iko juu, au katikati, au chini. Kwenye ile picha yenu nguzo ilikatwa."

Alinyamaza kidogo. Akaomba karatasi, nikamchorea visanduku vitatu vya duara tatu, nikajaza cha juu kimoja, cha katikati kimoja, cha chini kimoja, kwa kalamu ya wino mweusi. Nikamwomba anionyeshe ipi ni nyekundu. Alionyesha bila kusita, na hakukuwa na rangi yoyote pale. Barua imegongwa muhuri. Majibu ndani ya siku kumi.

Siku ya 40

Wamekubali. Wakati nikisubiri nimefanya dashibodi, kwa sababu kitabu kina maswali ya "taa nyekundu kwenye dashibodi inakutaka nini na ya njano inakutaka nini". Kanuni ya jumla: nyekundu, simama haraka pa usalama, njano, endelea kwa uangalifu na upeleke gari likakaguliwe. Kwenye dashibodi hakuna juu wala chini. Kuna umbo, na michoro hiyo imesanifishwa kimataifa kwa kiwango cha ISO 2575, kwa hiyo kazi ya kukariri haipotei ukibadili gari.

Mawili yanayofanana yalinisumbua, yote yana alama ya mshangao ndani. Duara lenye mabano mawili pembeni ni breki, hiyo ni nyekundu. Umbo kama kiatu cha farasi, chini kuna meno meno, ni upepo wa tairi, hiyo ni njano. Nimeyachora mara kumi kila moja kwa mkono. Mkono unakumbuka meno kuliko jicho. Kibuyu cha oili chenye tone ni presha ya oili, nyekundu. Kikiwa na wimbi chini yake ni kiwango cha oili, kwa kawaida njano. Wimbi hilo ni dogo kama ukucha wa mtoto, na ndilo linaloamua kama unazima injini sasa hivi au unaendelea hadi nyumbani.

Siku ya 47

39 kati ya 40.

Nilinyosha mkono mara tatu. Mara mbili msimamizi, mama mmoja mpole, alinong'ona "nyekundu" na kurudi kitini. Mara ya tatu ilikuwa taa moja iliyokatwa kama ile ya mwanzo. Akainama, akatazama, akasema: "Hii ni rangi ya chungwa."

Nikaganda. Kwenye kadi zangu zote hakuna taa ya chungwa! Nyekundu, njano, kijani, nimekariri majina matatu, na huyu ananiletea la nne. Sikuweza kumwuliza "chungwa ndiyo njano?" kwa sababu hilo lingekuwa kuuliza maana. Nikatulia. Taa za makutano ni tatu. Mwenye macho mazima asingeiita kijani chungwa, na kama ingekuwa nyekundu angesema nyekundu, kama alivyosema mara mbili zilizopita. Imebaki ya katikati. Nikajibu la njano.

Dada anasema ni kweli, njano ya mataa imeelemea uchungwa, na yeye mwenyewe akiiangalia vizuri hajui aiiteje. Kumbe nao wanakariri jina. Nimeongeza kadi: "njano ya mataa, baadhi ya watu huiita chungwa".

Siku ya 55

Sasa usukani. Mwalimu nilimweleza siku ya kwanza, akaniambia nitamke kila taa kwa sauti kabla ya kuifikia, kwa mahali na si kwa rangi: "ya chini", "ya katikati", "ya juu".

Saa kumi na moja jioni, jua limeshuka mbele yetu, tunakaribia makutano. Sikuona taa yoyote ikiwaka. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikaanza breki taratibu.

"Ipi?" mwalimu akauliza.

"Ya juu."

"Umeiona?"

"Hapana, Mwalimu. Nimeona mbili za chini zimezima."

Tukasimama nyuma ya mstari. Hakusema kitu mpaka ya chini ilipowaka.

Taa za breki za walio mbele ni tatizo pacha. Nazo ni nyekundu, nazo zinafifia kwangu, na nachelewa kuziona kwa kitambo kidogo kuliko wengine. Hapo hakuna mahali pa kukariri. Naacha nafasi ya sekunde tatu badala ya mbili, na naangalia zaidi kama mkia wa gari la mbele unainuka.

Siku ya 61

Usiku wa kwanza. Hapa ndipo mfumo wangu unapopungua, kwa sababu gizani kwa mbali nguzo haionekani. Kuna nukta ya mwanga tu, na nukta haina juu wala chini. Nukta nyeupe yaweza kuwa taa ya kijani au taa ya mtaa. Nukta ya njano yaweza kuwa taa ya nguzo ya zamani, au njano ya mataa, au nyekundu.

Mwalimu na mimi tumekubaliana utaratibu. Nukta yoyote iliyo juu ya barabara au kwenye ukingo wake na sijaijua, naihesabu kuwa mataa, napunguza mwendo, na siamui chochote mpaka mwanga wa gari au wa mtaa unionyeshe kasha lenyewe. Nukta ikibadilika, hiyo imejitaja: taa za nguzo hazibadiliki. Nukta zikiwa mbili kwa urefu mmoja, kushoto na kulia kwa barabara, na zikabadilika pamoja, ni makutano. Mataa yenye ubao mweusi wenye ukingo mweupe nyuma yake ni raha, ukingo unaonekana mapema na nukta inapata sehemu yake ndani ya umbo. Ninayoyajua kwa njia za mazoezi nimeshayakariri yalipo, lakini hilo halihesabiki, siku moja nitapita njia nisiyoijua.

Leo nimekutana na nukta 14 nilizoziwekea alama. Tano nilizodhani mataa zilikuwa taa za mtaa, nikapunguza mwendo bure mara tano, na basi moja ikanipita ikinung'unika. Hakuna niliyoidhani taa ya mtaa ikawa mataa. Safu ya makosa ya upande huo nimeichora kwenye daftari, na hadi sasa iko tupu. Kesho usiku tunarudia kukiwa na mvua.